Vyuma Jioni, Mayai Asubuhi

Ukinyanyua vyuma jioni kisha ukalala na njaa, msuli huanza kujijenga, lakini hubomoka kwa kasi zaidi. Mwaka 1997 watafiti waliwapima watu waliofanya mazoezi bila kula: ujenzi wa protini pajani ulikuwa bado juu hata baada ya saa 48, ila ubomoaji uliendelea kuuzidi.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo mTOR, inayoziamuru ribosomu zianze kuunda protini mpya. Mvutano wa uzito huiamsha kwa njia yake; lusini, asidi amino iliyomo kwenye mayai, maziwa na nyama, huiamsha kwa njia nyingine. Asidi amino zilizobaki ndizo malighafi. Watu walipopewa rapamaisini, dawa inayoizuia mTOR, kabla ya mazoezi, ujenzi haukupanda.

Kwa kijana, gramu 20 hivi za protini baada ya mazoezi zinatosha, yaani takriban mayai makubwa matatu. Msuli wa mzee ni mgumu kuitika, hivyo huhitaji zaidi. Na usihangaike kumeza unga wa protini ukiwa bado unatoka jasho: hata kifungua kinywa cha kesho kitaukuta msuli ukiwa tayari kupokea.