Mizani Nane, Mapigo Sita

Chukua mshororo huu, nimeutunga kwa ajili ya makala haya tu: "Nakungoja dirishani, taa bado inawaka." Hauna maajabu. Ni mizani nane kwa nane, kama tulivyofundishwa shuleni.

Sasa uimbe ukitembea kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, silabi mbili kwa kila hatua. Naku, ngoja, diri, shani. Hatua nne, nusu ya mshororo imekwisha, na sauti yako imekuwa ya skauti kwenye gwaride. Maneno ni yale yale, lakini huyu aliye dirishani anaonekana kumngoja mdeni wake.

Acha kutembea. Simama, egemea mguu wa kulia, kisha hamia wa kushoto, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto begani. Kila unapohamisha uzito, hesabu tatu kimoyomoyo: moja-mbili-tatu kulia, nne-tano-sita kushoto. Hapo tayari uko ndani ya kile ambacho wanamuziki hukiita sita kwa nane. Fungu moja la muziki lina vipigo vidogo sita, lakini mwili hausikii sita. Unasikia mikazo miwili, kwenye moja na kwenye nne, na kila mkazo unabeba vipigo vitatu. Huo wa tatu ndio siri yenyewe. Kwenye hatua za gwaride kipigo hugawanyika mara mbili sawasawa, mguu ukishuka unapanda. Kwenye sita kwa nane kuna kitambo cha ziada kabla uzito haujahama, na katika kitambo hicho sauti huning'inia.

Turudishe mshororo wetu humo. Kila silabi ya kwanza ya jozi ipewe vipigo viwili, ya pili ipewe kimoja: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Jozi nne zinajaza mafungu mawili kamili. Ila usianzie kwenye moja. Ukianzia hapo, mkazo mkubwa wa fungu utaangukia "na", ambayo katika usemi wetu haina uzito wowote. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: nakuNGOja, diriSHAni. Kwa hiyo anza katikati ya fungu, kwenye nne. "Naku" ipite kama pumzi ya kuvuta, na "ngo" ishukie kwenye moja ya fungu linalofuata. "Diri" inakaa kwenye nne, "sha" inashukia tena kwenye moja. Nusu ya pili inakubali hivyo hivyo: "ba" ya bado na "wa" ya inawaka zote zinatua mahali pazito. Hapo mtu wa dirishani anangoja kweli.

Wengi huchanganya mpango huu na tatu kwa nne, ule wa walzi. Ukihesabu vipigo vidogo, vyote viwili vina sita kwa fungu, kwa hiyo kwenye karatasi vinafanana kama mapacha. Lakini walzi ni mbili mara tatu: mikazo mitatu, na mguu unaopokea mkazo wa kwanza hubadilika kila fungu, ndiyo maana wachezaji wake huzunguka. Sita kwa nane ni tatu mara mbili, kulia na kushoto, na mtu anabaki pale pale. Wapenzi waliokumbatiana katikati ya ukumbi wa harusi hawana haja ya kwenda popote. Mpiga ngoma ndiye huamua. Ngoma kubwa ikipigwa kwenye moja na ndogo kwenye nne, ukumbi utayumba. Akiongeza pigo zito kwenye tatu na kwenye tano, mabega ya watu yatasita, kisha wataanza kutafutana miguu.

Hata hivyo mpangilio peke yake haufanyi wimbo uwe wa mapenzi. Chakacha ya Mombasa na Lamu nayo huenda kwa sita, na hakuna anayesinzia kwenye chakacha. Pale vipigo vinakimbia na kazi ni ya nyonga. Kwa upande mwingine, "Usiku Mtakatifu" uliotungwa Austria mwaka 1818 uliandikwa kwa sita kwa nane, na huo ni wimbo wa kitoto kulala. Wimbo wa Kifaransa "Plaisir d'amour" wa mwaka 1784 uko kwa mpangilio huo huo. Muziki wake ndio uliozaa ule wimbo wa taratibu wa mapenzi alioimba Elvis Presley mwaka 1961. Kinachotenganisha nyonga, kitanda cha mtoto na kumbatio ni kasi.

Ili uione kasi kwa macho, funga jiwe kwenye uzi, uzi uning'inie urefu wa mita 1, kisha lisukume kidogo. Kila mpito wa upande mmoja utachukua karibu sekunde 1, yaani mapigo 60 kwa dakika. Refusha uzi hadi karibu mita 1.4, yatakuwa 50. Wanamuziki wa Ulaya walipima kwa namna hii kabla ya metronomu ya Maelzel kupata hataza mwaka 1815. Kwa wimbo wa kuyumba, mimi hubaki kati ya 48 na 60. Kwenye 60, nusu ya mshororo wetu huchukua sekunde 4 na mshororo mzima 8, pumzi moja nzuri ya mwimbaji. Shuka hadi 40, mshororo unafika sekunde 12. Mwimbaji ataanza kujaza mashimo kwa madoido, na kila shimo litaita doido jingine. Panda hadi 90 na tayari watu wanatafuta leso za kujifunga kiunoni.

Studio ndipo hesabu hizi huharibika. Kompyuta nyingi za kurekodia huhesabu noti ya robo, ambayo ni vipigo vidogo viwili, ilhali yumbo letu moja lina vitatu. Niliwahi kuimba wimbo nyumbani kwa 54, nikamwambia prodyuza aandike 54, na akaandika. Kilichotoka kilikuwa cha mazishi: mayumbo 36 kwa dakika. Tulilaumu gitaa, tukalaumu kinanda, mpaka mpiga besi alipouliza hiyo 54 ni ya nini. Inatakiwa kuzidisha kwa moja na nusu: 54 inakuwa 81. Ndiyo maana pia utaona "Perfect" wa Ed Sheeran ukitajwa mtandaoni kuwa 95, na ukiuyumbia unapata kama 63.

Siku hizi siendi studio na namba ya kukisia. Narekodi kwa simu nikiimba bila ala, nahesabu mayumbo kwa sekunde 15, nazidisha kwa nne. Wimbo wa dirishani ulinipa 13, yaani 52, kwa hiyo tuliandika 78.

Ubeti wake wa pili ulitugomea kidogo, kwa sababu unaanza na "Mpenzi, njia ni ndefu". Mizani ni nane tena, lakini ukiilaza kwa ndefu-fupi kama mwanzo, "m" inavutwa kama mtu anayeguna na "nzi" inapigwa nyundo kwenye moja. Tuliisogeza. "M" ikawekwa kwenye sita, mwishoni kabisa mwa fungu, midomo imefungwa. "Pe" ikafunguka kwenye moja. "Njia ni" ikagawana nne, tano na sita bila kubaguana. Na "nde" ikatua kwenye moja inayofuata, ikaachwa hapo iwe ndefu.