Kura Humtoa Mkurugenzi, Haifuti Mkataba

Juma lililopita jirani yangu hapa Ipagala alinijia na swali. "Mzee, sisi wenye hisa tumemchoka mkurugenzi wetu. Je, tunaweza kumwondoa?"

Nikamjibu kuwa wanaweza. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaruhusu azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, hata kama muda wake haujaisha. Sharti ni kwamba kampuni ipewe notisi maalumu siku 28 kabla ya mkutano, mhusika apelekewe nakala, na mkutanoni aachwe ajitetee.

Jirani akafurahi. Nikamwuliza mkataba wake wa ajira unasemaje. Ni wa miaka 3, mshahara shilingi milioni 2 kwa mwezi, imebaki miezi 24.

Hapo ndipo penye mtego. Kura humtoa kwenye kiti, lakini sheria hiyohiyo imemwachia haki ya kudai fidia kwa mkataba uliovunjwa. Huko Uingereza, mwaka 1940, Bwana Shirlaw, aliyeahidiwa kazi kwa miaka 10 kisha akaondolewa, alishinda pauni 12,000.

Hesabu ya jirani yangu huanzia milioni 48. Hata hivyo mdai hutakiwa kutafuta kazi nyingine. Akiipata baada ya miezi 6, kwa mshahara uleule, hasara yake ni milioni 12. Tena, kama mkataba ungeruhusu kuachana kwa notisi ya miezi 3, deni lingekuwa milioni 6 tu.

Jirani akaondoka kwenda kuutafuta mkataba.