Siku 84 za Likizo ya Uzazi Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Kwenye kadi ya kliniki kuna tarehe ambayo mama mjamzito huikariri kuliko zote: tarehe ya makisio ya kujifungua. Ndiyo anayoipeleka kwa afisa utumishi, na ndiyo inayopangiwa likizo. Lakini watoto wanaozaliwa siku hiyohiyo hasa ni wachache mno, wanne au watano hivi kati ya mia. Wengine hutangulia, wengine hupitiliza. Hapo ndipo maswali yanapoanza: mtoto akitangulia au akichelewa, siku za likizo zinahesabiwaje?

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, jibu limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33. Sheria inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Ni siku za kalenda: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani. Kwa hiyo siku 84 ni wiki 12 kamili.

Tuanze na tarehe ya makisio yenyewe. Mkunga huichukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kuongeza siku 280, yaani wiki 40. Njia ya mkato ni kuongeza siku saba, kisha kurudi nyuma miezi mitatu. Tumchukue mhasibu wa kampuni moja jijini Mwanza ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 6 Januari 2026. Ukiongeza siku saba unapata 13 Januari. Ukirudi nyuma miezi mitatu unapata 13 Oktoba, na mwaka ni huohuo wa 2026. Hesabu hii inachukulia kwamba mzunguko wake ni wa siku 28. Kama mzunguko ni mrefu zaidi, au kama haikumbuki tarehe, altrasaundi ya miezi ya mwanzo humpa makisio ya kuaminika zaidi. Tarehe ikirekebishwa kliniki, na mwajiri apelekewe iliyorekebishwa, maana hesabu zote zinazofuata zinaitegemea hiyo.

Tarehe ya makisio ina kazi mbili tu kwa mwajiri. Ya kwanza ni taarifa: mama anapaswa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla, akiambatisha cheti cha daktari. Kwa mhasibu wetu, mwisho ni 13 Julai. Ya pili ni kuonyesha likizo inaweza kuanza mapema kiasi gani. Sheria inaruhusu kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo, yaani kuanzia 15 Septemba. Kabla ya hapo, lazima daktari athibitishe kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo.

Baada ya hapo, hesabu inahama. Siku 84 huhesabiwa tangu siku mama alipoanza likizo. Mhasibu akianza 15 Septemba, hiyo ndiyo siku ya kwanza. Septemba inampa siku 16, Oktoba 31, Novemba 30, zinakuwa 77. Saba zilizobaki zinaishia 7 Desemba, na kazini anarudi 8 Desemba. Kosa linalojirudia maofisini ni kuongeza 84 moja kwa moja juu ya tarehe ya kuanza na kuiita tarehe hiyo siku ya mwisho ya likizo. Tarehe unayoipata hivyo ni ya kurudi kazini. Siku ya mwisho ni ile iliyotangulia.

Mtoto akichelewa

Akijifungua siku ileile ya makisio, mhasibu atakuwa ametumia siku 28 kabla, na atabaki na 56 za kukaa na mtoto. Lakini akipitiliza, tarehe ya kurudi haisogei. Kila siku anayongoja inatoka kwenye siku za baada ya kujifungua. Akijifungua 27 Oktoba, wiki mbili baada ya makisio, zinabaki siku 42 tu.

Hapo ndipo kinga nyingine ya sheria inapoingia. Mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita tangu kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Wiki sita ni siku 42. Mhasibu aliyeanza likizo wiki nne kabla na kupitiliza wiki mbili amefika ukingoni, na ni nadra kuvuka ukingo huo, kwa sababu ujauzito unapokaribia wiki 42 madaktari kwa kawaida humwanzishia mama uchungu.

Anayeweza kuvuka ni yule aliyeanza likizo mapema kwa cheti cha daktari. Tuseme, kwa sababu ya shinikizo la damu, mhasibu alianza tarehe 1 Septemba, wiki sita kabla. Siku zake 84 zinaisha 23 Novemba. Akijifungua 20 Oktoba, wiki moja baada ya makisio, wiki zake sita zinaishia 30 Novemba. Kuna siku saba ambazo likizo ya uzazi imekwisha na kazi bado imekatazwa. Pengo hilo huzibwa kwa likizo ya mwaka, au kwa likizo ya ugonjwa ikiwa daktari ataandika cheti. Ni vizuri kulizungumza na mwajiri mapema, kabla mshahara wa Novemba haujaandaliwa.

Mtoto akitangulia

Tuseme mhasibu alipanga kuanza likizo 15 Septemba, lakini uchungu ukamshika na akajifungua tarehe 18 Agosti, mimba ikiwa na wiki 32. Likizo haiwezi kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Inaanza siku hiyo. Kwa hesabu ya zamani, siku 84 zingeisha 9 Novemba. Mtoto njiti wa wiki hizo anaweza kukaa wodini wiki kadhaa, na mama angemaliza sehemu kubwa ya likizo yake akiwa hospitali.

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa 2025 yalibadilisha hilo. Mama aliyejifungua mtoto njiti anapewa pia kipindi kilichobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Kwa mhasibu wetu, kuanzia 18 Agosti hadi 12 Oktoba ni siku 56. Siku 84 zinafuata, kuanzia 13 Oktoba, na zinaisha 4 Januari 2027. Jumla ni siku 140. Angalia kwamba tarehe ya makisio, ambayo mtoto hakuifuata, ndiyo imekuwa mwanzo wa hesabu. Kwa hiyo cheti cha daktari kionyeshe umri wa mimba siku ya kujifungua, si tarehe ya kuzaliwa peke yake.

Linalobaki ni uamuzi wa mama mwenyewe, kama afya inaruhusu: lini aanze. Anayeanza wiki nne kabla anapata pumziko, lakini akipitiliza wiki mbili, wiki sita zinakuwa zimekwisha kabla hajamshika mtoto. Anayeanza wiki moja kabla, yaani 6 Oktoba, atakuwa na siku 63 za baada ya kujifungua hata akipitiliza wiki mbili. Barua kwa mwajiri na iandikwe hivi: tarehe ya makisio, tarehe ya kuanza likizo, tarehe ya kurudi, kisha sentensi moja kwamba tarehe ya kurudi itathibitishwa kwa hati ya hospitali baada ya kujifungua. Hapo mtoto akitangulia au akichelewa, kinachobaki kufanywa ni kuhesabu upya, si kuanza kubishana.