Usingoje Jasho Likauke

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, tuseme zege linamwagwa kwenye jengo la ghorofa Dar es Salaam. Saidia fundi mmoja anaketi ghafla kando ya ndoo yake. Kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka, anasikia kichefuchefu na miguu imelegea. Ukimuuliza jina lake na leo ni siku gani, anajibu sawasawa. Huyo amezidiwa na joto. Joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 37, huenda limefika 38 au 39, ila halijavuka 40. Amepoteza maji na chumvi, na moyo unahangaika kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Mlaze kivulini, miguu iinuliwe, anywe maji ya ORS taratibu. Siku hiyo asirudi kazini.

Sasa tuseme hakuketi. Misuli inayobeba mzigo huzalisha joto, na likizidi lile ambalo jasho linaweza kuliondoa, hurundikana ndani. Baada ya muda anaanza kupayuka, anagombana na wenzake bila sababu, anapepesuka. Hicho ni kiharusi cha joto: kwa kawaida joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umevurugika.

Kati ya dalili hizo mbili, saiti tuitegemee ile ya ubongo. Kipimajoto cha kwapani au cha kwenye paji la uso husoma sehemu iliyopozwa na jasho na upepo, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 38 wakati ndani ni 41. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa kwenye njia ya haja kubwa, na hicho ni kazi ya wahudumu wa afya. Wala usingoje ngozi ikauke. Anayeanguka akifanya kazi nzito mara nyingi bado analowa jasho.

Kinachoharibu ubongo, ini na figo ni muda ambao mwili unakaa juu ya nyuzi 40. Lengo ni kushuka chini ya 39 ndani ya nusu saa, kwa hiyo mmoja apige simu ya gari la wagonjwa huku wengine wakianza kumpoza palepale. Turubai la saiti linatosha: mlazeni ndani yake, watu wainue kingo, mimineni maji na barafu, kichwa kishikwe juu ya maji. Barafu ikikosekana, mwagieni maji mfululizo na kumpepea kwa nguvu.

Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu, maana kinaweza kuingia mapafuni. Panadoli nayo haisaidii. Katika homa, ubongo wenyewe ndio huagiza joto lipande, na dawa hufuta agizo hilo. Hapa hakuna agizo la kufuta, na ini tayari limeelemewa.

Akianza kutetemeka na kujibu vizuri, mtoeni majini. Hospitali aende hata akisema amepona, kwa sababu madhara ya ini huweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye.