Fikra Kwenye Mizani (4): Kilo Moja ya Mchanga

Kila msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa Mei, habari ileile hurudi kutoka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu: pamba imeletwa kituoni ikiwa na mchanga au imemwagiwa maji ili izidi uzito. Viongozi hukemea, wanunuzi hulalamika, na wakulima walio safi huumia pamoja na wachafu. Msimu huu nimeisoma habari hiyo nikakumbuka swali moja la semina ambalo nimelipenda kwa miaka mingi. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua jaribio la fikra ni nini, na wanajua kanuni yetu: ukitaka kujua ni kitu gani hasa kinachoifanya hukumu yako iwe ilivyo, badilisha sharti moja tu na mengine yote yaache mahali pake. Leo tuitie kanuni hiyo kazini.

Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza Jonathan Glover alitunga kisa hiki. Wanakijiji 100 wasio na silaha wamekaa kula, kila mmoja na bakuli lake la maharage 100. Wanakuja majambazi 100 wenye silaha, kila jambazi ananyakua bakuli moja na kulimaliza. Wanakijiji wanalala njaa. Baada ya wiki majambazi wanarudi, lakini safari hii dhamiri zinawasumbua, basi wanabadili utaratibu: kila jambazi anachukua punje moja tu kutoka katika kila bakuli. Kila mmoja anaondoka na maharage 100 kama mara ya kwanza, na kila bakuli linabaki tupu kama mara ya kwanza. Ila sasa kila jambazi anaweza kuapa kwamba hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyeshindwa kushiba kwa sababu yake, maana punje moja haimshibishi mtu.

Angalieni ustadi wa mtunzi. Idadi ya majambazi haikubadilika, wala wingi wa chakula kilichoibwa, wala njaa iliyofuata. Kilichobadilika ni mgawanyo peke yake. Kwa hiyo mtu akisema mara ya pili ni kosa dogo zaidi, tumemkamata mahali alipo: anaamini kwamba dhara lisilohisiwa na mtu yeyote mmoja si dhara. Hana pa kukimbilia, kwa sababu hakuna tofauti nyingine ya kusingizia.

Sasa tukihamishie kisa hicho kwenye kituo cha AMCOS. Tarakimu nitakazotumia ni za kubuni, nimezichagua ziwe nyepesi. Wakulima 100 wanaleta kila mmoja gunia la kilo 100, na bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Pamba ya wote inachanganywa katika lundo moja la kilo 10,000. Tuseme kila kilo ya mchanga ndani ya lundo inamfanya mnunuzi akate shilingi 2,000 kutoka malipo ya kijiji kizima, maana anajua mchanga unatafuna misumeno ya kiwandani na kuharibu nyuzi. Mkulima mmoja ametia kilo moja ya mchanga badala ya kilo moja ya pamba. Amelipwa shilingi 1,000 asizostahili. Makato ya shilingi 2,000 yanagawanywa kwa watu 100, kila mtu shilingi 20. Yeye amebaki na faida ya shilingi 980, na wenzake 99 wamepoteza jumla ya shilingi 1,980.

Geuza sharti la kwanza. Badala ya makato ya wenzake 99 kuenea, yote yaangukie kwa jirani mmoja, mjane wa nyumba ya pili. Shilingi 1,980 zimetoka mfukoni mwake, na 980 zimeingia mfukoni mwa mwenye mchanga. Hapa hakuna mwana Bariadi atakayesita: huo ni wizi. Basi rudisha mgawanyo kama ulivyokuwa, usiguse kingine. Fedha ni zilezile, mkono ni uleule, nia ni ileile. Anayesema sasa si wizi anatakiwa atueleze kwa nini kumwibia mjane mmoja ni dhambi na kuwaibia watu 99, mjane yule akiwemo, ni ujanja wa mjini.

Geuza sharti la pili: idadi ya wanaofanya. Wote 100 watie kilo moja moja. Kila mmoja amepata 1,000 ya uongo, lakini makato sasa ni shilingi 200,000, sawa na 2,000 kwa kila mtu. Kijiji kizima kimejiibia shilingi 1,000 kwa kila kaya, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema alihisi mkono wa mwenzake. Tazama pia kwamba katika hali hii hakuna wa kuonewa huruma, wote ni majambazi na wote ni wenye mabakuli. Wanafunzi wengi wakifika hapa hudhani kosa limejifuta kwa kuwa kila mtu amelipizwa. Lakini hesabu ya kila mmoja haikubadilika: kilo yake bado inawatoa wenzake 1,980, wao wawe wema au waovu.

Sharti la tatu ndilo gumu, na ndilo lililo karibu zaidi na kituo cha kweli. Nilisema kila kilo inaleta makato yake. Katika ununuzi halisi pamba inatenganishwa kwa madaraja mawili, safi na fifi, na daraja halishuki kidogo kidogo. Basi tuseme mnunuzi anavumilia mpaka kilo 99 za mchanga, na ya 100 ikiingia anashusha lundo lote kuwa fifi na kukata shilingi 200,000 kwa pamoja. Mchanga wa mkulima wetu sasa haumdhuru mtu hata kwa senti moja, isipokuwa uwe ndio wa 100. Je, ameokoka?

Shelly Kagan, mwanafalsafa wa Marekani, alilijibu swali la aina hii mwaka 2011 kwa mfano wa muuza kuku anayeagiza kreti jipya kila akishauza kuku 25. Anayenunua kuku mmoja kwa kawaida habadili chochote, lakini ana nafasi moja kati ya 25 ya kuwa ndiye anayesababisha kuku wengine 25 waagizwe. Zidisha, utaona ni kama ameagiza kuku mmoja. Kwa mkulima wetu, nafasi moja kati ya 100 ya kuleta hasara ya 200,000 ni sawa na hasara ya 2,000, ileile tuliyoanza nayo. Hesabu hii ni nzuri mno, lakini ina mpaka wake. Inasimama tu ikiwa mkulima hajui lundo limefika wapi. Akijua kwa hakika kwamba wametia watu watano tu na hakuna mwingine atakayetia, nafasi yake si moja kati ya 100, ni sifuri, na hoja ya Kagan haimfikii. Hapo tunalazimika kukubali kwamba kosa lake, kama lipo, haliko katika hasara. Liko katika kulipwa kwa pamba ambayo hakuileta. Ndiyo faida ya kugeuza sharti moja moja: tulidhani tuna sababu moja ya kumlaumu, kumbe zilikuwa mbili zimelala kitanda kimoja.

Nimesikia jibu lingine vituoni, tena kwa hasira: mizani yao nayo inatuibia, mchanga unarudisha tu kilicho chetu. Jibu hili linastahili heshima kwa sababu lina historia, na historia hiyo mimi siichoki.

Wakati wa Mwingereza, Usukuma ulikuwa katika Jimbo la Ziwa, na biashara ya kununua na kuchambua pamba ilikuwa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Malalamiko makubwa ya mkulima yalikuwa mizani. Alifika na mzigo aliouchuma kwa wiki kadhaa, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki, akapokea alichopewa. Wakulima hawakujibu kwa kutia mchanga. Walichanga fedha wakaweka wapimaji wao wa kusimama karibu na mizani na kuhakiki uzito kabla ya malipo. Kutoka mwamko huo kijana Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini kuhimiza vyama, na mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1955 vyama vikaungana katika shirikisho la Viktoria, ambalo kufikia uhuru mwaka 1961 lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba Usukumani, likihesabiwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika barani.

Kisha historia yenyewe ikageuza sharti moja, kana kwamba imehudhuria semina. Mizani ikabaki palepale, pamba ileile, mkulima yuleyule. Aliyebadilika ni mwenye mizani. Sasa alikuwa mwenzetu. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa kuwa malalamiko ya wizi na usimamizi mbovu yalikuwa yamezagaa, na mwaka uliofuata shirikisho likawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa. Aliyedhani kwamba chanzo cha dhuluma kilikuwa asili ya mpimaji alipata jibu lake. Ugeni ulipoondolewa na dhuluma ikabaki, ilijulikana kwamba kiini kilikuwa mtu kupima mali ya mwingine bila mwenye mali kuona.

Sasa turudi kwa anayesema analipiza. Kisa chake kimegeuza masharti mawili kwa mpigo: aliyedhurika amekuwa mwizi, na fedha imekuwa deni. Yatenganishe. Kwanza, mizani iibe kilo moja, lakini makato ya mchanga yaangukie kijiji. Hapo hajamlipiza mwizi, amemwongezea jirani hasara ya pili. Pili, hasara ya mchanga imwangukie mnunuzi peke yake. Hapo tu ndipo hoja ya kulipiza inapoanza kuzungumzika, na hali hiyo haitokei, kwa sababu mnunuzi huihamisha hasara kwenye bei ya kijiji.

Kuhusu maji nina nafasi ndogo, nayo yanahitaji makala yake. Maji si mchanga wa aina nyingine. Mchanga unakaa ulipo. Pamba mbichi ndani ya lundo hupata joto, nyuzi hugeuka njano na mbegu huoza, hata pamba kavu iliyo kando huharibika. Kwa hiyo lita ya kwanza na lita ya kumi hazina dhara sawa, na zile hesabu zetu za kuzidisha hazitufai tena. Derek Parfit, katika kitabu chake cha 1984, aliutumia mfano wa maji kwa upande wa wema: watu 1,000 kila mmoja anamimina kipimo kidogo ndani ya pipa la kupelekwa kwa majeruhi 1,000 wenye kiu jangwani, na hakuna majeruhi anayehisi tone la mtu mmoja. Wiki ijayo tutaanzia kwenye pipa hilo.

Kwa viongozi wa AMCOS waliouliza la kufanya msimu huu, sharti la kugeuza lipo mikononi mwao. Kila gunia lifunguliwe juu ya turubai na kukaguliwa mbele ya mwenyewe kabla halijachanganywa na la mwenzake, na usomaji wa mizani uonekane kwa mkulima na karani kwa wakati mmoja. Kilo ya mchanga itakayoonekana hapo itakuwa ya mtu mwenye jina, na makato yake yataandikwa kwenye stakabadhi yake peke yake.