Mhindi Mmoja, Maradhi Mawili

Picha imeingia kwenye simu ya bwana shamba ikiwa na ujumbe mfupi: "Naomba jina la dawa." Inaonyesha mhindi uliopigwa kwa karibu, umri wake wiki 5 hivi, umefika magotini. Majani ya juu yamechanikachanika, na kwenye moyo wa mmea kuna uchafu wa rangi ya kahawia mithili ya unga wa mbao. Chini, majani matatu yamegeuka manjano. Aliyeituma ameshahukumu: viwavijeshi vamizi wameumaliza mhindi wake, kuanzia kileleni hadi kwenye shina.

Nusu ya hukumu hiyo ni sahihi, na hapo ndipo penye hatari. Kiwavi huyu, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, huacha alama zinazovuta macho mno. Mtu akishaziona, kila kasoro nyingine kwenye mmea huoneka kuwa kazi yake. Picha ya namna hii inataka isomwe mara mbili. Mara ya kwanza ziba sehemu ya juu kwa kidole, utazame majani ya chini peke yake kana kwamba hujawahi kusikia habari za kiwavi. Kisha ziba chini, utazame juu.

Tuanze chini. Manjano yale hayakutapakaa ovyo. Yameanzia kwenye ncha ya jani, yakateremka katikati kando ya mshipa mkuu, huku kingo za jani zikibaki kijani kwa muda, hata pakajichora umbo la V. Tena pande mbili za jani zinafanana, na jani la chini kabisa limeathirika kuliko lililo juu yake. Hakuna mdudu anayekula kwa mpangilio huo. Hiyo ni njaa ya naitrojeni: mhindi ukiikosa kwenye udongo, huinyang'anya majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Ndiyo maana majani ya chini huumia kwanza.

Mahali pa manjano pana maana kuliko manjano yenyewe. Yangekuwa yameshika kingo za majani ya chini na kuacha katikati kijani, tungeshuku potasiamu. Yangekuwa kwenye majani machanga huku ya zamani yakiwa mazima, naitrojeni ingeachwa kando, tukaanza kuuliza habari za salfa au zinki.

Sasa juu. Matundu hayana mpangilio. Jani moja limeliwa upande mmoja tu, lingine lina safu ya matundu iliyolikata kwa mapana. Safu hiyo ina sababu. Kiwavi alitoboa jani likiwa bado limejikunja ndani ya moyo wa mmea, na lilipofunguka tundu moja likawa mengi. Ule unga wa mbao ni kinyesi chake. Kwenye jani la kati kuna vipande vyeupe vinavyopitisha mwanga: hapo walikula viwavi wachanga, ambao hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha utando mwembamba.

Picha sasa imeanza kusimulia nyakati. Vile vidirisha ni vya zamani kuliko kinyesi. Matundu yaliyo kwenye majani ya chini ni ya zamani zaidi, maana majani yale nayo yaliwahi kuwa moyoni, na aliyeyala huenda amekwishazama ardhini kugeuka nondo. Tundu linathibitisha kwamba kiwavi alipita, halithibitishi kwamba bado yupo. Kinyesi kibichi chenye unyevunyevu ndicho kinachosema yupo; kikiwa kikavu na kupauka, dawa itapigwa kwa adui aliyekwisha ondoka. Kwenye picha ya simu ubichi huo hauonekani vizuri, kwa hiyo lazima mtu afungue moyo wa mmea kwa vidole. Akimkuta kiwavi, atazame kichwani kama kuna alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kama kuna madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Asipoyaona, huenda ni funza wa mabua, na huyo akishajichimbia ndani ya bua dawa ya kupulizia haimfikii.

Kuna alama moja inayochanganya hata wazoefu. Kiwavi akikata mshipa wa jani, sehemu iliyo mbele ya jeraha hukosa maji, ikawa manjano na kukauka. Kwenye picha yenye giza hufanana na njaa. Fuata ukavu huo hadi unapoanzia: ukianzia kwenye jeraha, ni mdudu, ukianzia kwenye ncha ya jani lisilo na jeraha na kushuka sawasawa, ni mbolea.

Bwana shamba hakutaja dawa. Alijibu: "Mama, mbolea ya kukuzia uliweka lini? Nipigie picha nyingine tatu." Ya kwanza ni ya mhindi mzima, toka shina hadi kileleni. Ya pili ni ya moyo wa mmea, ikipigwa kutokea juu. Ya tatu ni ya shamba, amesimama mbali. Akaomba pia aweke karatasi nyeupe kando ya jani, kwa sababu jua la jioni hulipaka kila jani umanjano, na karatasi ikionekana ya manjano ujue rangi ya jani nayo imedanganya. Picha ya shamba ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Viwavi huacha mhindi mmoja ukiwa umeharibika vibaya na jirani yake ukiwa mzima. Njaa ya naitrojeni hushika eneo zima, au mistari iliyokosa mbolea. Manjano yakiwa bondeni tu, maji yaliyotuama ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Jibu lilikuja: ya kukuzia hajaweka, alikuwa anasubiri viwavi waishe ndipo asipoteze mbolea. Mantiki hiyo inaeleweka, lakini ni mbaya. Mhindi wenye chakula cha kutosha hutoa majani mapya upesi na kufidia sehemu kubwa ya yaliyoliwa. Wenye njaa hauna cha kufidia nacho.

Kiwavi ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa kila siku inayopita anakua na kuzama zaidi. Akague mimea 20 katika sehemu tano za shamba. Mahindi yakiwa bado machanga, mimea 20 kati ya 100 ikiwa na dalili mpya inatosha kuamua kupulizia. Yakishakua, husubiriwa ifike kama 40. Apulizie alfajiri au jioni, pua ya bomba ikielekea moyoni. Ndani ya wiki hiyohiyo, udongo ukiwa na unyevu, aweke urea: kizibo kimoja cha soda kwa shimo la mimea miwili, mbali kidogo na shina, kisha afukie, maana urea iliyoachwa juani hupotea hewani. Kwa mashimo ya sentimita 75 kwa 60, hiyo inakaribia mfuko wa kilo 50 kwa ekari.

Baada ya siku 10 apige picha tena, ila asitazame majani yaleyale. Matundu hayazibiki, na ncha iliyokauka hairudi kijani, hata kama tiba imefanya kazi. Atazame majani yaliyofunguka baadaye. Yakiwa ya kijani lakini yametobolewa, dawa haikufika moyoni. Yakiwa hayana tundu lakini yamepauka, naitrojeni haijaufikia mzizi, na swali la kwanza ni kama mvua imenyesha.