Kwa Nini Programu Mpya Huambiwa Imepitwa na Wakati: Kosa la Kulinganisha Matoleo

Fikiria simu yenye programu ya kukata tiketi za basi. Mwenye simu aliisasisha jana usiku. Leo asubuhi anaifungua ili alipie safari, na skrini inaonyesha ujumbe mmoja tu: "Sasisha programu ili uendelee." Anabonyeza kitufe na kupelekwa kwenye duka la programu. Huko hakuna kitufe cha kusasisha, kuna "Fungua" tu. Anafungua, na ujumbe uleule unarudi. Basi linaondoka saa mbili.

Simu hiyo haina virusi, wala intaneti yake si mbovu. Kosa limo katika mstari mmoja wa msimbo, na mstari huo unahusu jambo ulilosoma katika mada ya aina za data: tofauti kati ya namba na matini. Mada hii itakuonyesha kosa linavyotokea, linavyotambuliwa na linavyorekebishwa.

Namba ya toleo ni nini?

Toleo la programu huandikwa kwa vipande vinavyotenganishwa na nukta, kwa mfano 4.9.0. Kipande cha kwanza huongezeka panapokuwa na mabadiliko makubwa, cha pili kinapoongezwa kitu kipya, na cha tatu linaporekebishwa kosa dogo. Kila kipande kinahesabiwa peke yake. Kwa hiyo baada ya 4.9.0 huja 4.10.0, yaani "nne, kumi, sifuri".

Zingatia: nukta hapa ni kitenganishi. Si nukta ya desimali. Watahiniwa wengi husoma 4.10 kama "nne nukta moja sifuri" na kuiona ndogo kuliko 4.9. Kompyuta nayo huweza kuingia katika mtego huohuo ikiwa aliyeiandikia maelekezo hakuwa makini.

Ukaguzi wa toleo hufanyikaje?

1. Programu inapofunguliwa, inaiuliza seva: toleo la chini kabisa linaloruhusiwa ni lipi?
2. Seva inajibu, kwa mfano, "4.9.0".
3. Programu inalinganisha jibu hilo na toleo lake yenyewe.
4. Toleo lake likiwa dogo, inafunga njia na kuonyesha skrini ya kusasisha. Likiwa sawa au kubwa, inaendelea.

Ukaguzi huu una sababu yake. Tuseme toleo la 4.8.0 la programu yetu ya tiketi lilikuwa na kosa la kukata pesa mara mbili. Kosa lilirekebishwa katika 4.9.0, na wenye programu wakaweka 4.9.0 kuwa kiwango cha chini ili mtu yeyote asiendelee kutumia toleo bovu. Hatua ya 1, 2 na 4 ni rahisi. Tatizo hukaa katika hatua ya 3.

Mfano uliofanyiwa kazi

Huu hapa msimbo wa hatua ya 3 kwa lugha ya Python. Toleo lililopo kwenye simu ni 4.10.0.

```python
iliyopo = "4.10.0"
kiwango = "4.9.0"

if iliyopo < kiwango:
    print("Sasisha programu ili uendelee")
else:
    print("Karibu")
```

Ukiuendesha, utapata "Sasisha programu ili uendelee". Kwa nini? Angalia alama za kunukuu. Thamani zote mbili ni matini. Kompyuta inapolinganisha matini haiangalii ukubwa wa namba, bali hufuata utaratibu wa kamusi: inachukua herufi moja moja kuanzia kushoto, na mara tu inapokuta tofauti inatoa uamuzi bila kusoma zinazofuata.

- Herufi ya kwanza: 4 na 4. Zinalingana, endelea.
- Herufi ya pili: nukta na nukta. Zinalingana, endelea.
- Herufi ya tatu: 1 na 9. Zimetofautiana, simama.

Katika jedwali la ASCII, herufi "1" ina namba 49 na herufi "9" ina namba 57. Kwa kuwa 49 ni ndogo kuliko 57, kompyuta inaamua kwamba "4.10.0" ni ndogo kuliko "4.9.0". Ile sifuri inayoifanya moja iwe kumi haikufikiwa kabisa. Ni kama katika kamusi, ambamo "baharini" hutangulia "bata" ingawa lina herufi nyingi zaidi, kwa kuwa "h" hutangulia "t".

Kwa nini kosa halikuonekana mapema?

Kuanzia 4.0.0 hadi 4.9.0, kila kipande kilikuwa na tarakimu moja. Kwa namba za tarakimu moja, utaratibu wa kamusi na utaratibu wa hesabu hutoa jibu lilelile. Msimbo mbovu ukafaulu kila jaribio kwa matoleo kumi mfululizo, kisha ukaanguka siku kipande kilipovuka kutoka 9 kwenda 10. Hii ndiyo maana ya kujaribu msimbo kwa data za mpakani: usijaribu kwa 4.2.0 na 4.3.0 tu, jaribu pia kwa 4.9.0 na 4.10.0.

Kosa hili limewahi kuzisumbua hata programu kubwa za vivinjari. Mwaka 2009 kivinjari cha Opera kilipofika toleo la 10, baadhi ya tovuti zilikuwa zikisoma tarakimu ya kwanza pekee, hivyo zikaona 1. Watengenezaji wake wakaamua kivinjari kijitambulishe kwa tovuti kama 9.80, na namba halisi ikawekwa mahali pengine katika utambulisho huo. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipofika toleo la 100, hofu ilikuwa ileile: msimbo unaochukua tarakimu mbili za mwanzo ungeiona 100 kama 10.

Kwa nini duka linasema programu ni mpya?

Kwa sababu duka na programu havilinganishi kitu kimoja. Kwenye Android, kila programu ina namba mbili za toleo. `versionName` ni matini kama "4.10.0", nayo huonyeshwa kwa watumiaji. `versionCode` ni namba kamili, kwa mfano 57, ambayo lazima iongezeke kila toleo jipya linapowekwa dukani. Duka hulinganisha namba kamili, na 57 ni kubwa kuliko 56 bila utata. Programu yetu ilinganisha matini. Ndiyo maana mtumiaji anarushwa huku na huku: duka linamwambia ana toleo la mwisho, programu inamwambia bado.

Marekebisho

Gawa matini penye nukta, geuza kila kipande kuwa namba kamili, kisha linganisha kipande kwa kipande.

```python
def vipande(toleo):
    return [int(k) for k in toleo.split(".")]

if vipande(iliyopo) < vipande(kiwango):
    print("Sasisha programu ili uendelee")
else:
    print("Karibu")
```

Sasa kompyuta inalinganisha [4, 10, 0] na [4, 9, 0]. Nne ni sawa na nne; kumi ni kubwa kuliko tisa; mtumiaji anakaribishwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, usigeuze "4.10" kuwa namba ya desimali. Itakuwa 4.1, ambayo ni ndogo kuliko 4.9, na kosa litarudi kwa mlango mwingine. Pili, hakikisha pande zote zina idadi sawa ya vipande. Python huihesabu [4, 10] kuwa ndogo kuliko [4, 10, 0] kwa sababu ni fupi, ingawa ni toleo lilelile. Ongeza sifuri mwishoni kabla ya kulinganisha.

Kosa linalofanana nalo: kutumia "si sawa" badala ya "ndogo kuliko"

Baadhi ya waandishi wa msimbo huandika hivi:

```python
if iliyopo != kiwango:
```

Maana yake ni kwamba toleo lolote lisilolingana na la seva linafungiwa, hata lililo jipya zaidi. Programu ikisasishwa kuwa 4.10.0 wakati seva bado inasema "4.9.0", mtumiaji aliyewahi kusasisha ndiye anayezuiwa, na aliyechelewa anapita.

Unatofautishaje makosa haya mawili? Angalia wakati tatizo lilipoanza. Likianza pale tu kipande kilipovuka 9 kwenda 10, shuku ulinganishaji wa matini. Likijitokeza kila toleo jipya linapotoka, kisha likaisha lenyewe seva inapobadilishwa, shuku alama ya "si sawa".

Mtumiaji afanye nini?

Kwanza asome toleo lililopo kwenye mipangilio ya simu na alilinganishe na la dukani. Yakilingana, kosa si lake. Asikimbilie kufuta programu na kuiweka upya: atapata toleo lilelile lenye msimbo uleule, na anaweza kupoteza data iliyohifadhiwa kwenye simu pekee, kama tiketi alizokwisha kununua. Awaandikie wenye programu, akitaja namba zote mbili.

Maswali ya mazoezi

1. Seva inasema "3.10.0" na simu ina "3.9.4". Msimbo unalinganisha matini. Je, mtumiaji atazuiwa? (alama 3)

2. Ili kuwafungulia watumiaji wa 4.10.0 haraka, fundi anabadili kiwango kwenye seva kuwa "4.1.0". Eleza faida moja na hasara moja. (alama 4)

3. Fundi mwingine anatoa toleo la "5.0.0" bila kubadili msimbo. Tatizo limekwisha? (alama 3)

Majibu

1. Hatazuiwa. Katika herufi ya tatu, "9" ni kubwa kuliko "1", hivyo toleo la zamani linaonekana jipya. Huu ni upande wa hatari zaidi wa kosa hili, kwa sababu toleo bovu linapita bila mtu kulalamika.

2. Faida: "4.10.0" inapita, kwa kuwa katika herufi ya nne "0" (48) ni kubwa kuliko nukta (46). Hasara: toleo la 4.8.0 linalokata pesa mara mbili nalo linapita.

3. Limefichwa tu. "5" ni kubwa kuliko "4", hivyo watumiaji wanafunguliwa. Kiwango kikipandishwa kuwa "5.9.0" na simu ikiwa na 5.10.0, skrini itarudi.